Hesabu sahani kwanza, kopo baadaye

Haya kaeni chini, mlionisikia mwaka jana mtanivumilia, wimbo ni uleule.

Kuna mdogo wangu mmoja wa hapa Mwanjelwa, kilo 70, ananyanyua vyuma siku nne kwa wiki. Kaja na kopo la pauda ya protini, anakunywa skupu tatu kila siku, kila skupu ina gramu 24 hivi. Nikamwambia weka kopo chini, nitajie ulichokula jana. Asubuhi mayai matatu, hiyo ni 18, na kikombe cha maziwa 8. Mchana ugali na kikombe kizima cha maharage, maharage peke yake 15. Jioni katembeza robo kilo ya steki, hapo kama 50. Chapati mbili za asubuhi na ule ugali navyo vina protini jamani, watu wanasahau, weka 20. Tukafika 111! Sasa anayejenga misuli anatosha na gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, kwake ni 112. Skupu zake tatu, gramu 72, zinaenda wapi? Mwili hauna stoo ya protini, ziada unaichoma au unaigeuza mafuta, na naitrojeni yake figo zinaitoa kwenye mkojo. Anakojoa hela.

Utasema dokta mimi nyama nakula Jumapili tu. Sawa, basi skupu moja inaziba pengo, sikatai, ila ulizia kwanza bei ya usipa na maharage hapo sokoni.

Na sijasema pauda inaua figo! Mwenye figo nzima hakuna ushahidi kwamba inamuumiza. Tatizo ni kaka mtu. Yule dogo ana kaka yake, miaka 46, kilo 80, presha ya miaka mingi, akaanza kuchota kopo hilohilo ili apunguze kitambi. Kupimwa, figo zinafanya kazi chini ya nusu. Mtu kama huyo ambaye hajafika kwenye kusafishwa damu anatakiwa gramu 0.8 kwa kilo, yaani 64 kwa siku, skupu mbili tu zimeshakula 48. Na alikuwa hasikii maumivu yoyote, ndiyo ubaya wa figo. Ila asikimbilie kuacha protini kabisa, atakonda, na anayesafishwa damu ndo anahitaji zaidi, 1 mpaka 1.2.

Kwa hiyo mwenye presha, sukari, au mkojo wenye povu lisiloisha, pima kabla ya kufungua kopo, kreatinini ya damu, ile taka inayochujwa na figo, na albumini ya mkojo, ile protini inayovuja figo zikiharibika, vyote viwili.

Kreatini, ile pauda nyingine ya wanyanyua vyuma, nilitaka niiongelee kwa kirefu ila mwenye jimu anaangalia saa. Hili tu: ukiitumia, au una misuli mikubwa, kreatinini inaweza kupanda kidogo wakati figo ni nzima, kwa hiyo mwambie anayekupima unatumia nini, usimfiche.