Inveta Inakula Kiasi Gani? Mhadhara Kuhusu Muda Halisi wa Betri za Akiba Nyumbani

Ndugu wasikilizaji, mafundi wenzangu pamoja nanyi wenye nyumba mlioacha shughuli zenu kuja hapa leo, naomba nianze na nyumba moja ya Tabata, Dar es Salaam, ambako niliitwa kuhukumu betri ambazo hazikuwa na kosa.

Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alikuwa na inveta ya wati 3000 ya volti 24 na betri mbili za jeli za volti 12, kila moja ampea-saa 100, zilizounganishwa mfululizo. Aliyemuuzia alimpigia hesabu kwenye karatasi, na karatasi ile alikuwa ameitunza. Volti 24 mara ampea-saa 100 ni wati-saa 2400, ambazo tukizipima kwa lugha ya LUKU ni uniti mbili na nusu kasoro kidogo. Ili betri zidumu, zitumike nusu tu, yaani wati-saa 1200. Mzigo wake wa usiku ulikuwa taa tatu za LED za wati 9, rauta ya wati 10, na chaja za simu za wati 8 hivi, jumla wati 45. Ufanisi wa inveta ulioandikwa ubavuni ni asilimia 90, kwa hiyo betri zitatoa wati 50, na 1200 ukigawa kwa 50 unapata saa 24. Umeme ulipokatika saa moja jioni, yeye alitarajia kufika saa moja jioni ya kesho yake. Lakini saa moja na nusu asubuhi inveta ilianza kulia, kisha ikazima. Aliponiona mlangoni alisema, "Mwanangu, nimeuziwa betri mbovu."

Betri zilikuwa nzima. Kugawanya na kuzidisha kwa karatasi ile kulikuwa sawa pia, isipokuwa namba moja ambayo ilisomwa vibaya, nayo ni ile asilimia 90. Juu ya namba hiyo ndipo nataka tukae.

Inveta huchukua mkondo mnyoofu wa betri na kuugeuza kuwa mkondo geu wa volti 230, na katika kazi hiyo hupoteza umeme kwa njia tatu zenye tabia tofauti. Njia ya kwanza ni upotevu wa kudumu, ambao upo tangu unapobonyeza swichi hata kama hujachomeka kitu chochote: kadi ya uongozi lazima iwe macho, transista lazima ziendelee kufungua na kufunga maelfu ya mara kwa sekunde, chuma cha transfoma lazima kiwe na usumaku, na feni huenda inazunguka. Njia ya pili hukua sambamba na mzigo, na sehemu kubwa yake ni joto linalotoka kwenye transista kila zinapobadilika hali. Njia ya tatu hukua kwa mraba wa mkondo, kwa kuwa inatokana na ukinzani wa waya, viungo na transista zenyewe. Mzigo ukiongezeka mara mbili, upotevu huo huongezeka mara nne.

Ukizijumlisha njia hizo tatu unaona mara moja kwamba ufanisi hauwezi kuwa namba moja. Kwa inveta ya mama yule, upotevu wa kudumu nilioupima ulikuwa wati 50. Ilipobeba wati 1000, betri zilitoa kama wati 1120. Zilipotea wati 120, na ufanisi ulikuwa karibu na ile asilimia 90. Ilipobeba wati 45 za usiku, betri zilitoa wati 96. Zaidi ya nusu ya umeme uliotoka kwenye betri haukufika kwenye taa wala kwenye rauta; ulibaki ndani ya sanduku la inveta kama joto. Ufanisi wa usiku ule ulikuwa asilimia 47. Sasa gawanya 1200 kwa 96, utapata saa 12 na nusu, ambayo ndiyo saa moja na nusu asubuhi.

Mtengenezaji hakudanganya. Ile namba aliyoiandika ni kilele cha ufanisi, kipimo cha hali nzuri kuliko zote, ambayo kwa inveta nyingi huwa kwenye theluthi hivi ya uwezo wake. Sisi tunaofunga inveta ndio tunaoichukua namba ya mzigo wa wati 1000 na kuitumia kwenye mzigo wa wati 45. Na kwa kuwa mteja huambiwa anunue inveta kubwa "isije ikamsumbua baadaye", tunazidisha tatizo, kwa sababu inveta kubwa kwa kawaida ina upotevu wa kudumu mkubwa kuliko ndogo ya aina ileile.

Basi namba ya kuitafuta kabla ya nyingine zote ni huo upotevu wa kudumu. Katika vitabu vya maelezo huandikwa kama matumizi bila mzigo, mara nyingine kwa wati, mara nyingine kwa ampea, nayo ampea utaizidisha kwa volti ya betri. Isipoandikwa, au ukitaka uhakika, pima mwenyewe. Zima chaja na tenganisha sola ili betri pekee ndiyo itoe umeme. Zima breka ya upande wa nyumba badala ya kuchomoa vitu kimoja kimoja, maana kengele ya mlango au televisheni iliyozimwa kwa rimoti bado inakula. Washa inveta, ngoja dakika chache itulie, kisha funga klampu mita kwenye waya mmoja tu wa betri, na wakati huohuo soma volti kwenye vichwa vya inveta. Kwa mama yule nilisoma ampea 2.0 na volti 25.0, ndizo wati 50.

Hapo kuna mitego miwili inayowapata mafundi wengi. Klampu mita nyingi za bei nafuu hupima mkondo geu tu. Ukiifunga kwenye waya wa betri itakuonyesha sifuri, nawe utadhani inveta haili kitu. Chagua yenye uwezo wa kupima mkondo mnyoofu, isawazishe sifuri kabla ya kuifunga, na kwa kuwa ampea 2 ni ndogo mno kwa mita iliyotengenezwa kupima mamia, igeuze upande wa pili, usome tena, uchukue wastani wa namba mbili bila kujali alama ya kutoa. Mtego wa pili ni kukata waya na kupitisha umeme ndani ya multimita ya kawaida. Inveta ina kapasita kubwa mlangoni pake, na ile cheche unayoiona unapogusisha waya wa betri ni mkondo mkubwa unaozijaza ghafla. Cheche hiyo huunguza fyuzi ya multimita kabla hujasoma chochote.

Ukishaipata namba hiyo, hesabu ya mzigo mdogo inakuwa nyepesi: chukua wati za vifaa, ongeza asilimia 3 hadi 5 kwa ajili ya njia ya pili ya upotevu, kisha jumlisha upotevu wa kudumu wote, na jumla hiyo ndiyo igawanye wati-saa za betri. Hesabu hiyohiyo inaeleza malalamiko ya mtu aliyesafiri siku mbili akaacha inveta imewashwa bila kifaa chochote, umeme ukakatika, akarudi akakuta imezima. Wati 50 peke yake humaliza wati-saa 1200 ndani ya siku moja.

Kwa mzigo mkubwa mambo hugeuka. Kwenye wati 1000 inveta ile ilikuwa inafanya kazi vizuri, lakini ilivuta kama ampea 47 kutoka kwenye betri ambazo ampea-saa 100 zake zilipimwa kwa kutolewa polepole kwa saa 20, yaani ampea 5. Betri ya asidi na risasi ikikamuliwa kwa kasi hiyo haitoi zote, na volti yake hushuka mapema. Inveta ilikuwa imepangwa kuzima volti zikifika 24.0, kipimo ambacho kwa mzigo wa taa kinaashiria karibu nusu ya betri, lakini kwa pasi hufikiwa mapema mno, betri zikiwa bado na akiba nyingi. Hapo kulaumu ufanisi wa inveta ni kukosea. Tazama betri, unene wa waya na viungo vilivyolegea.

Turudi usiku. Baadhi ya inveta zina hali ya kusinzia, ambapo hutuma umeme kwa kitambo kifupi kila baada ya sekunde kadhaa na kuamka ikiona mzigo. Hali hiyo inafaa mahali penye mzigo mmoja mkubwa wa kuwasha na kuzima. Kwa taa moja ya wati 9 inveta huenda isiamke kabisa, taa ikabaki inapepesa, na rauta ikawa inawaka na kuzima bila kushika mtandao. Kwa mama yule niliijaribu na nikaiondoa usiku uleule.

Tulichofanya ni kuitenga rauta. Rauta yake hutumia volti 12 za mkondo mnyoofu, kwa hiyo kuigeuzia umeme wa betri kuwa volti 230, kisha adapta yake irudishe kuwa 12, ni safari ya bure. Tuliweka kigeuzi kidogo cha kushusha volti 24 kuwa 12, chenye fyuzi yake karibu na betri, na kwa rauta peke yake betri sasa hutoa kama wati 12. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, wakati taa zimezimwa na watu wamelala, hizo ni wati-saa 96. Kuiendesha rauta hiyohiyo kwa inveta kubwa kungekula wati 60, yaani wati-saa 480 kwa saa zilezile nane. Inveta kubwa sasa huzimwa kwa swichi saa nne. Angetaka na taa usiku kucha, ningemfungia inveta ndogo ya wati 300 pembeni; yenye upotevu wa kudumu wa wati 8, wati 45 zile zingetoka kwenye betri kama wati 56, na muda ungefika saa 21.

Jambo moja mafundi naomba mlishike sana. Mwenzetu mmoja aliposikia rauta ni ya volti 12, alipendekeza tuchukue umeme moja kwa moja kwenye betri moja kati ya zile mbili, tusinunue kigeuzi. Msifanye hivyo. Betri hiyo moja itakuwa imechoka kuliko mwenzake kila asubuhi, na chaja ya volti 24, ambayo huona jumla tu, itaishia kumjaza kupita kiasi yule aliyeshiba na kumwacha na njaa yule aliyetumika, mpaka zote mbili ziharibike. Kigeuzi lazima kishike ncha mbili za nje, chanya ya betri ya kwanza na hasi ya betri ya mwisho, na kabla hujaondoka pima volti ya kila betri peke yake, uziandike kwa kalamu ya wino juu ya mfuniko pamoja na tarehe, ili fundi atakayekuja baadaye aone kama zimeanza kuachana.