Kliniki ya Wajawazito Hukatwa Fungu Lipi?
(Mhadhara kwa wafanyakazi wa kampuni za uwakala wa forodha na wenza wao, Malaba, Uganda)

Mabibi na mabwana, wengine wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na leo nitalirudia kwa sababu bado kila wiki anafika mezani kwangu mama mwenye kadi ya bima mkononi na mshangao usoni. Nilikuwa mkunga kwa miaka mingi kabla ya kuhamia meza ya bima hospitalini, na katika kazi zote mbili nimeona kwamba swali mnalouliza silo. Mnauliza, "Je, bima yangu inalipia wagonjwa wa nje?" Mkijibiwa ndiyo, mnaondoka mmeridhika. Swali lenyewe ni hili: nikienda kliniki ya wajawazito, fedha zinakatwa fungu lipi?

Kadi ya mwajiri huwa na mafungu zaidi ya moja. Kuna la wagonjwa wa nje, kuna la kulazwa, na mara nyingi kuna fungu dogo la uzazi lenye kikomo chake. Mama mjamzito hatalala hospitalini anapokwenda kupimwa shinikizo la damu na mkojo, kwa hiyo ni mgonjwa wa nje kwa maana ya kawaida ya maneno. Lakini mkataba hauendi kwa maana ya kawaida. Iwapo umeandika kwamba fungu la uzazi linajumuisha huduma za kabla ya kujifungua, basi kila ziara, kila kipimo na kila skani hukatwa humo, hata kama fungu la wagonjwa wa nje limejaa na halijaguswa.

Tuchukue hesabu ya mfano, nanyi mtaweka tarakimu za kadi zenu. Tuseme fungu la uzazi ni shilingi 3,000,000. Mama anakwenda kliniki mara 8, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri tangu mwaka 2016, na kila mara daktari anatoza 40,000. Hiyo ni 320,000. Vipimo vya mwanzo, yaani wingi wa damu, kundi la damu, VVU, kaswende, sukari na mkojo, ni 150,000. Skani 2 ni 160,000, na dawa ni 70,000. Jumla ni 700,000. Siku ya kujifungua inafika, anapasuliwa, na bili ni 3,200,000. Kama kliniki ilikatwa kwenye fungu la wagonjwa wa nje, familia inaongeza 200,000. Kama ilikatwa kwenye fungu la uzazi, zimebaki 2,300,000 tu, na baba anatafuta 900,000 usiku huohuo. Kadi ni ileile na mama ni yuleyule. Kilichotofautiana ni sentensi moja ya mkataba.

Sasa niwaeleze kisa ambacho sitachoka kukieleza. Mama mmoja, mke wa mfanyakazi wa mpakani kama ninyi, aliambiwa kwamba skani inakula fungu la kujifungulia. Alikuwa mwangalifu wa fedha, akaamua kuiahirisha. Hakuikumbuka vizuri tarehe ya hedhi yake ya mwisho. Alikumbuka tu kwamba ilikuwa karibu na sikukuu. Alipiga skani ya kwanza wiki ya 32 kwa hesabu yake mwenyewe. Skani ikasema wiki 29. Nani alikuwa sahihi? Hakuna aliyeweza kusema, kwa sababu skani inayopigwa kabla ya wiki ya 14 hukosea umri wa mimba kwa takriban wiki moja au pungufu, ilhali ya miezi mitatu ya mwisho inaweza kukosea kwa wiki tatu au zaidi. Mtoto wa wiki 29 na mtoto wa wiki 32 ambaye hakui vizuri wanaweza kulingana kwa ukubwa. Ilipofika wiki aliyoihesabu kuwa ya 41, tulisimama kando ya kitanda chake tukiwa na kitabu cha kliniki mikononi, tukijiuliza kama tumwanzishie uchungu kwa kuwa mimba imepitiliza, au tungoje kwa kuwa pengine ni wiki 38 tu. Alilazwa siku nne akichunguzwa, na gharama ya siku hizo ilikuwa mara kadhaa ya bei ya ile skani aliyoikwepa. Alijifungua salama, nashukuru, lakini siku zile nne nazikumbuka moja moja. Ndiyo maana nasema: skani moja kabla ya wiki ya 24, na mapema zaidi ikiwezekana, msiiahirishe hata kama inakatwa fungu msilolipenda.

Najua kuna atakayesema, kwa nini asiende kituo cha serikali, ambako ada ziliondolewa tangu mwaka 2001? Aende. Vipimo vya VVU na kaswende, vidonge vya kuongeza damu, Fansida ya kukinga malaria kuanzia wiki ya 13 na chandarua vipo kwa ajili yake huko. Kinachokosekana mara nyingi katika kituo cha daraja la tatu ni skani. Mama anaweza kufuata kliniki huko na kutumia kadi kwa skani pekee, mradi kitabu chake kiende naye kila mahali, asije akarudiwa vipimo vilevile kwa fedha zake.

Wengine watasema kampuni za bima zinatuonea. Sikubaliani kabisa na hilo. Bima hupangwa kwa jambo lisilotarajiwa, na ujauzito hutarajiwa, ndiyo maana umewekewa kikomo chake. Ninacholalamikia ni kwamba mwanachama haelezwi mapema.

Kuna mahali pengine pa kuangalia, nako ni kwenye fomu ya madai, mstari wa ugonjwa. Mama wa wiki 14 anakuja na homa na maumivu ya kukojoa. Ana maambukizi ya njia ya mkojo. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha magonjwa, maambukizi hayo yakimpata mjamzito huandikwa O23, si N39.0 ya watu wengine, na mashine ya bima ikiona herufi O huenda ikaipeleka bili kwenye uzazi. Ziara ya kawaida ya kliniki ni Z34. Msimwombe daktari aandike malaria ili bili iende kwingine: huo ni udanganyifu, na unaharibu kumbukumbu ya mgonjwa. Someni kabla ya kutia sahihi, kisha mwulizeni afisa utumishi kama matatizo ya ujauzito yasiyohitaji kulazwa yanahesabiwa ugonjwa wa kawaida au uzazi. Jibu liwe la maandishi.

Muda umenibana. Kuhusu muda wa kusubiri nitasema moja tu: mikataba mingi hailipi uzazi katika miezi ya mwanzo, mara nyingi kati ya 9 na 12, na miezi hiyo huanza siku jina la mama lilipoingizwa kwenye bima, si siku ya ndoa wala siku mumewe alipoajiriwa. Wale ambao wake zao bado hawajaandikishwa, fomu za wategemezi ziko kwa afisa utumishi wenu, naye yupo hapa mlangoni.