Sebule Moja, Picha Nane na Shilingi Milioni Nane: Kabla ya Kukutana na Mbunifu

ZAITUNI: Karibuni tena katika kipindi chetu kutoka Kampala. Leo tutakaa ndani ya chumba kimoja tu, yaani sebule ya kaka Okello kule Bweyogerere, kwa sababu aliwahi kumwita mbunifu wa mambo ya ndani kabla hajajiandaa, na ikamgharimu.

OKELLO: Dada, sebule yenyewe ina upana wa mita 4 na urefu wa mita 5. Nilimtumia mbunifu picha tatu nzuri, nilizozipiga baada ya kusogeza kochi ili lifiche sehemu ya chini ya ukuta ambapo rangi ilikuwa inabanduka. Yeye akachora kabati refu la mbao katika ukuta uleule. Siku alipokuja na kulisogeza kochi, mchoro ule ukawa hauna kazi, nami nilikuwa nimekwisha kuulipia.

ZAITUNI: Ukuta uliolowa hauwezi kuegemezwa mbao, kwa kuwa mbao hunyonya maji, huvimba na hatimaye huota ukungu. Rangi mpya nayo haishiki juu ya lipu yenye unyevu. Kwa hiyo picha ya kwanza kumtumia mbunifu ni ya kile unachokionea aibu.

OKELLO: Na kabla ya kuipiga, mtu anaweza kujipimia. Chukua kipande cha nailoni nyepesi, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne pasipo kuacha upenyo, ukiache siku moja au mbili. Matone yakitokea upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakitokea upande wa chumbani, ni hewa ya chumba yenye unyevu mwingi.

ZAITUNI: Kipimo hicho hakikuambii iwapo chanzo ni bomba linalovuja au maji yanayopanda kutoka ardhini. Hilo ni la fundi. Ila kinakupa swali la kumuuliza mbunifu: je, gharama ya kutibu ukuta imo ndani ya makadirio yako, au nitamtafuta fundi mwingine?

OKELLO: Safari ya pili nilipiga picha nane. Nne nilizipiga nikisimama katika kila kona, simu ikiwa usawa wa kifua, bila kutumia lenzi pana ambayo hufanya chumba kionekane kikubwa kuliko kilivyo. Mbili zilikuwa za dirisha, moja saa tatu asubuhi na nyingine saa kumi jioni, taa zikiwa zimezimwa.

ZAITUNI: Dirisha lako linatazama magharibi, na kwa kuwa tuko karibu sana na Ikweta, jua la jioni huingia humo mwaka mzima. Mbunifu akiona mwanga ule ulivyofika kwenye kochi, atajua kwamba kitambaa cha rangi iliyokolea kitapauka upesi.

OKELLO: Ya saba ilikuwa ya soketi, na ya nane ya ule ukuta.

ZAITUNI: Sasa fedha. Watu wengi huogopa kutaja bajeti wakidhani mbunifu ataimaliza yote. Mimi naona kuificha ni hasara zaidi, maana atachora chumba usichokimudu, kisha muda wa kukipunguza utahesabiwa kwako.

OKELLO: Nilikuwa na shilingi 8,000,000. Nilitenga 1,200,000, yaani asilimia 15, kwa ajili ya dharura, kisha 1,000,000 ya ada ya mbunifu. Zikabaki 5,800,000 za kazi na samani. Makadirio yalikuja 5,000,000, nikafurahi.

ZAITUNI: Ukafurahi mapema.

OKELLO: Mapema mno! Hayakuwa yamejumuisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwetu ni asilimia 18. Kampuni ilikuwa imesajiliwa kwa kodi hiyo, hivyo jumla ikawa 5,900,000, na nikapungukiwa na laki moja kabla hata ya kununua msumari.

ZAITUNI: Basi swali la kodi liulizwe siku ya kwanza, pamoja na mengine mawili. Je, mbunifu akininunulia samani, ananipa bei ya dukani au ameongeza faida yake? Na ada yake inaruhusu mchoro kurekebishwa mara ngapi kabla ya kulipa tena? Majibu yaandikwe.

OKELLO: Nami ningeongeza la mlango. Wangu una nafasi ya sentimita 76, na kochi tulilolichagua lilikuwa na kimo cha sentimita 85 na kina cha sentimita 90, hata tukiligeuza halipiti. Tulilibadilisha likiwa bado kwenye karatasi, kwa sababu safari hii kipimo cha mlango kilikuwa kimeandikwa pembeni mwa picha.