Upungufu wa Shilingi 50, Ada za Shilingi 1,800

(Mhadhara uliotolewa kwa wafanyabiashara wadogo katika ukumbi wa jamii, Kaloleni, Nairobi)

Mabibi na mabwana, hamjambo. Nilipoalikwa kuzungumza jioni hii niliombwa nieleze kwa jumla ovadrafti, yaani akaunti kulipa zaidi ya fedha zilizomo, lakini nimeona afadhali nilete karatasi moja tu, nayo ni taarifa ya akaunti ya mshonaji wa nguo wa Umoja ambaye ameniruhusu niisome mbele yenu bila kumtaja yeye wala benki yake. Akaunti hiyo ilipungukiwa shilingi 50, na kabla ya wiki kwisha ilikuwa imekatwa ada mara tatu. Mwenyewe aliamini ameibiwa. Mimi niliyefanya kazi ya kusawazisha hesabu za benki kwa miaka mingi nilipoipitia mstari kwa mstari sikuona wizi. Niliona kanuni zinazofuatwa barabara, na labda hilo ndilo linaloudhi zaidi.

Jumatatu asubuhi mama huyu alitazama simu yake ikamwonyesha salio la shilingi 3,420. Alijua kwamba siku hiyo benki ingepeleka shilingi 2,000 kwenye chama chake cha akiba na mikopo, kwa agizo la kudumu alilolitia sahihi mwaka uliotangulia, na kwamba Jumatano zingekatwa shilingi 350 za bima. Alijumlisha, akaona zitabaki zaidi ya shilingi 1,000, akaenda zake kazini akiwa na moyo mtulivu.

Alichosahau ni nyuzi na vifungo vya shilingi 1,470 alivyonunua kwa kadi Jumanne ya wiki iliyopita. Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu tatizo lote lilizaliwa hapa. Mnapopitisha kadi kwenye mashine ya dukani, fedha haziondoki papo hapo. Mashine huiuliza benki yenu kama fedha zipo, benki hujibu kwamba zipo, na kiasi kile huwekwa kando ili kisitumiwe kwa jambo jingine. Kuanzia hapo akaunti ina salio la aina mbili: salio la daftari, ambalo bado halijaguswa, na salio linaloweza kutumika, ambalo limepungua. Fedha zenyewe huhama baadaye, mwenye duka anapofunga hesabu ya mashine yake na kuyatuma malipo yote kwa pamoja kupitia benki yake. Kwa kawaida hilo hufanyika jioni ileile. Mwenye duka huyu alichelewa, nasi hatujui kwa nini, na benki ya mama ilikuwa na kanuni ya kuzishikilia fedha kwa siku tano tu. Jumapili siku hizo zilikwisha, fedha zikaachiliwa, na ile 1,470 ikarudi kwenye salio la simu kana kwamba vifungo havikununuliwa kamwe.

Kwa hiyo 3,420 aliyoiona Jumatatu haikuwa ya uongo, lakini ndani yake mlikuwa na fedha za mtu mwingine. Benki ilikuwa imekwisha kumwambia mwenye duka ndiyo, na ndiyo hiyo haifutiki kwa kuwa siku za kushikilia zimepita.

Sasa tuifuate hesabu. Jumatatu chama cha akiba kilipata shilingi 2,000, zikabaki 1,420. Jumanne usiku malipo ya duka yalifika: 1,470. Benki haikuweza kuyakataa, ikalipa, na akaunti ikaingia hasi kwa shilingi 50. Akaunti hii haikuwa na mkataba wa ovadrafti, na kwa kila malipo yanayopita bila fedha za kutosha orodha ya ada ilisema shilingi 500, pamoja na ushuru wa bidhaa wa shilingi 100. Jumla ni 600. Angalieni kwamba ada hiyo haiulizi upungufu ni wa kiasi gani: iwe ni shilingi 50 au shilingi 5,000, ni 600 ileile, kwa sababu hutozwa kwa kila tukio na wala si kwa kila shilingi. Ndipo akaunti ikafikia hasi 650.

Jumatano asubuhi agizo la bima la shilingi 350 likaja. Hili benki ilikuwa na uhuru wa kulikataa, kwa kuwa hakuna aliyeahidiwa kitu, nayo ikalikataa. Kukataa nako kuna ada yake, kiasi kilekile cha 600. Bima haikulipwa, na hasi ikawa 1,250. Wengi hudhani kwamba malipo yakirudishwa basi hayana gharama. Kinyume chake, katika orodha nyingi za ada malipo yanayorudishwa hutozwa kama yale yanayopitishwa, na wakati mwingine hutozwa zaidi. Walioandika hundi zikarudi wanalijua hilo vizuri, ingawa hundi ina balaa jingine la sheria ambalo sitaligusa leo.

Wakati huo mama alikuwa na ujumbe mmoja tu kwenye simu, ule wa Jumanne usiku uliosema salio ni hasi 50. Ujumbe huo ulitumwa malipo ya duka yalipopita, kabla ada haijaandikwa, na ada ilipoandikwa hakuna ujumbe uliotumwa. Alhamisi alikwenda kwa wakala akaweka shilingi 1,000. Kwa hesabu yake alikuwa amefunika 50, ameiachia bima 350, na amejibakizia 600. Kwa hesabu ya benki alikuwa ameipandisha akaunti kutoka hasi 1,250 hadi hasi 250. Ili bima ipite siku hiyo alihitaji kuweka shilingi 1,600, na hakuna mahali popote alipoandikiwa hivyo.

Ijumaa kampuni ya bima ililileta agizo lake tena. Ni desturi ya kawaida: likikataliwa mara ya kwanza, hurudishwa baada ya siku mbili tatu bila mteja kuulizwa. Liligonga hasi 250, likakataliwa, ada ya tatu ikaingia, na wiki ikafungwa kwa hasi 850. Ada tatu ni shilingi 1,800. Kama kusingekuwa na ada hata moja, fedha zilezile zingemaliza wiki zikiwa chanya 600, bima ikiwa imelipwa.

Nadhani wengi wetu hapa Nairobi tunadanganywa na mazoea ya Fuliza. Tangu ilipoanza mwaka 2019 tumezoea ovadrafti ambayo ada yake ya kila siku hufuata ukubwa wa deni, kwa hiyo tunadhani deni dogo daima lina ada ndogo, na tunaingia benki na mawazo hayohayo. Simaanishi kwamba Fuliza ni rahisi. Siku zikirefuka nayo huuma. Ninasema tu kwamba vipimo vyake ni vingine.

Kuna jambo moja zaidi ndani ya karatasi hii ambalo ningependa mlione, nalo ni mpangilio. Tuseme malipo ya duka yangefika Jumatatu asubuhi kabla ya agizo la chama. 3,420 ukitoa 1,470 unabakiwa na 1,950. Agizo la 2,000 lingekataliwa kwa upungufu uleule wa shilingi 50, ada ya 600 ingekatwa, na zingebaki 1,350. Bima ya Jumatano ingepita. Alhamisi angeweka 1,000 yake na kufikisha 2,000, na benki ikilirudia agizo hilo Ijumaa chama kingelipwa. Fedha ni zilezile, malipo ni yaleyale, ila ada ingekuwa moja badala ya tatu.

Huyu mama mpangilio wake uliletwa na bahati mbaya ya duka lililochelewa. Huko Marekani mpangilio wa namna hii uliwahi kuwa sera. Chukulieni akaunti yenye dola 100 na malipo manne ya siku moja: dola 9, 12, 15 na 95. Ukianza na madogo, matatu yanapita na ni lile la 95 peke yake linaloingia hasi. Ukianza na kubwa, zinabaki dola 5, na yale matatu madogo yote yanaingia hasi. Kwa ada ya takriban dola 35, iliyokuwa ya kawaida kule, mteja analipa 105 badala ya 35. Mwaka 2010 Jaji William Alsup wa mahakama ya shirikisho ya California aliiamuru benki ya Wells Fargo irudishe takriban dola milioni 203 kwa wateja wa jimbo hilo kwa sababu ya utaratibu huo wa kuanza na kubwa. Rufaa ilifuata, na mwaka 2013 jaji huyohuyo akairejesha amri yake. Naitaja kesi hiyo kwa sababu ilionyesha mahakamani kwamba idadi ya ada inaweza kuongezeka bila deni lenyewe kuongezeka hata senti.

Mtu atajuaje kwamba yaliyompata ni haya? Aombe taarifa kamili ya akaunti, wala asitegemee ujumbe wa simu. Katika taarifa kila mstari wa kadi una tarehe mbili, ya siku ya kununua na ya siku fedha zilipoondoka. Zikiachana kwa zaidi ya siku moja au mbili, hapo pana malipo yaliyochelewa. Kisha atafute jina lilelile na kiasi kilekile kimekataliwa mara mbili. Na aombe orodha ya ada iliyokuwa ikitumika wiki hiyo. Benki haina budi kuitoa, kwani kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki ya Kenya hakiruhusu benki kupandisha ada zake bila idhini ya Waziri wa Fedha, na miongozo ya Benki Kuu inadai mteja aelezwe ada kabla ya kutozwa.

Mshonaji wetu alikwenda tawini na taarifa hiyo ikiwa imepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu. Tulikuwa tumekubaliana asilalamikie yote kwa pamoja. Ada ya kwanza aliiulizia kwa hoja kwamba fedha zilikuwapo siku benki iliposema ndiyo. Meneja alijibu kwamba ada hupimwa kwa siku ya kulipa wala si siku ya kuidhinisha, akakataa. Mimi naiona hoja ya mama kuwa na uzito, ila mkataba aliotia sahihi ulisema kama alivyosema meneja. Ada ya pili hakuigusa. Ada ya tatu ilikuwa ya agizo lilelile la bima lililokwisha kutozwa Jumatano, na orodha ya ada ilisema shilingi 500 kwa kila agizo, bila kusema kwa kila mara linapoletwa. Hapo meneja aliisoma orodha mara mbili, akapiga simu makao makuu, na siku ya nne shilingi 600 zikarudi, ushuru wake ukiwa ndani. Akaunti ikawa hasi 250. Safari hii mama aliuliza kwanza kaunta kama kuna ada yoyote ambayo bado haijaandikwa, akaambiwa hakuna, akaweka shilingi 600, na kesho yake bima ikakatwa 350 zake, salio likasimama kwenye sifuri.