Risasi zilizokaa kwenye mkanda wa ngozi

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Leo nataka tuongelee risasi za shotigani tu, geji 12, maana ndo wengi wenu mnalindia nazo maghala ya samaki na maduka hapa Mwanza.

Risasi ya kiwandani ikikaa pakavu na pa baridi inadumu miaka mingi sana, hata 20 na zaidi inalia vizuri tu. Kinachoiua ni unyevu na joto, na sisi hapa ziwani tunavyo vyote viwili, usiku umande wa ziwa, mchana kibanda cha bati kinawaka kama tanuri.

Niwaambie kitu nilichokishika kwa mkono wangu. Mlinzi mmoja ghala la huko Igombe alikuwa na risasi tano, amezirithi kwa mwenzake zikiwa kwenye mkanda wa ngozi na zimepita masika mbili humohumo. Nikaichomoa moja, kile kitako cha chuma kina ukungu wa kijani na kutu pembeni, fataki pale katikati imefifia imekuwa nyeusi. Ngozi ndo inafanya hivyo, ina dawa zilizotumika kuilainisha na inanyonya jasho na umande, inavilaza juu ya chuma mchana na usiku. Mkanda ni wa kubebea, ukimaliza zamu toa risasi rudisha kwenye boksi.

Sasa sikieni vizuri hapa. Tukaenda nazo uwanja wa shabaha, ya kwanza akapiga ikalia "pfuu", kama mtu anapuliza mshumaa, bega hata halijasukumwa. Akataka kukoki apige ya pili, nikamshika mkono kwa nguvu. Tukasubiri sekunde 30 mtutu ukiwa umeelekea kwenye tuta, maana baruti yenye unyevu inaweza kuchelewa kuwaka, halafu tukatoa risasi, tukahakikisha bunduki haina kitu, tukamulika ndani ya mtutu. Kile kizibo cha plastiki kinachokaa kati ya baruti na gololi kimekwama katikati! Angepiga ya pili, moshi ungekosa pa kutokea na mtutu ungepasuka karibu na mkono wake wa kushoto.

Joto nalo linaozesha baruti polepole, kuna dawa kiwandani wanaiweka kuituliza, joto linaimaliza. Ukifungua boksi ukasikia harufu kali ya asidi inayochoma pua, usizitumie hizo. Ukiona zile za ganda la karatasi zimevimba haziingii, usisukume.

Na tafadhali msizianike juani, wala msizipake oili, oili inapenya pembeni ya fataki inaiua. Tafuta debe la chuma lenye mpira kwenye mfuniko, weka vile vipakti vya chembechembe vinavyonyonya maji, liwe ndani ya nyumba na limefungwa kwa kufuli, mbali na paa. Zilizoharibika peleka kituo cha polisi walipokusajilia silaha, usitupe ziwani wala usichome jalalani.