Muhuri kwenye mkataba wa duka: mhadhara kwa wafanyabiashara wadogo, Mombasa

Asalaam aleikum, na wengine hamjambo. Nashukuru mmefunga maduka mapema kuja kunisikiliza.

Mwaka juzi alinijia mama mmoja muoka mikate. Alikuwa amekodi chumba cha mbele katika jengo la ghorofa mbili, akaweka tanuri, akabadilisha nyaya za umeme, akapiga vigae. Pesa zote hizo zimekwenda ukutani, haziwezi kubebwa. Mkataba wake ulikuwa wa miaka sita. Mwaka wa pili haujaisha, jengo likauzwa, na mwenye jengo mpya akamwandikia barua aondoke. Mama akanifungulia bahasha ya kaki, akatoa mkataba: kurasa kumi na moja, sahihi zipo, mashahidi wapo. Nikaugeuza kurasa zote, mbele na nyuma. Hapakuwa na alama yoyote ya ushuru wa stempu, wala namba ya usajili. Nikamuuliza, “Mama, ushuru ulilipwa?” Akasema, “Nililipa. Nilimpa ajenti mkononi.” Risiti hakuwa nayo.

Leo nataka tukae na karatasi ya mama huyu, maana karatasi kama hiyo iko katika droo za wengi waliomo humu ukumbini.

Kwetu Kenya neno kodi ni ile pesa unayompa mwenye nyumba kila mwezi. Ushuru wa stempu si hiyo. Huo ni wa serikali, unalipwa mara moja, na unalipwa kwa ajili ya hati yenyewe. Sheria yake ni Sura ya 480, ya tangu mwaka 1958. Hati ikishatiwa sahihi, ushuru wake unatakiwa ulipwe ndani ya siku 30. Siku zinahesabiwa kuanzia siku ya sahihi. Wengi huanza kuhesabu siku walipofungua duka, au siku walipopewa funguo, na hapo wanachelewa bila kujua.

Kiwango kinategemea urefu wa muda. Mkataba wa kukodi usiozidi miaka mitatu unalipiwa asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Ukizidi miaka mitatu ni asilimia 2. Ni kodi ya mwaka mmoja inayopigiwa hesabu, si jumla ya miaka yote, na nalisema hili kwa sauti kwa sababu nimeona ajenti akimpigia mtu hesabu ya miaka sita nzima na kumtoza mara sita.

Sasa tupige hesabu ya yule mama. Kodi yake ilianza shilingi 40,000 kwa mwezi, yaani 480,000 kwa mwaka. Kama kodi ingebaki hapo hapo miaka yote sita, ushuru ungekuwa asilimia 2 ya 480,000, yaani shilingi 9,600. Lakini mkataba wake ulikuwa na kipengele ambacho karibu kila mkataba wa duka unacho: kodi inapanda asilimia 10 kila baada ya miaka miwili. Basi miaka miwili ya kwanza ni 480,000 kila mwaka. Miwili inayofuata ni 528,000. Miwili ya mwisho ni 580,800. Ukijumlisha miaka yote sita unapata 3,177,600. Gawanya kwa sita, wastani wa mwaka ni 529,600. Asilimia 2 yake ni shilingi 10,592.

Tofauti ya 9,600 na 10,592 ni shilingi 992. Ni ndogo, lakini hati iliyolipiwa pungufu ni hati ambayo haijalipiwa sawasawa, na inaweza kukataliwa vilevile. Kwa hiyo unapokaa na mtu anayekupigia hesabu, mwonyeshe kile kipengele cha kodi kupanda. Usingoje akione mwenyewe.

Mtaniuliza, kwa nini miaka sita? Kwa nini asiandikiwe mitatu alipe asilimia 1? Hapa kuna jambo ambalo wapangaji wengi hawaambiwi. Tuna sheria nyingine, Sura ya 301, inayomlinda mpangaji wa duka, hoteli au mkahawa. Kama hamna mkataba wa maandishi, au upo lakini hauzidi miaka mitano, sheria hiyo inakushika mkono: mwenye nyumba hawezi kukupandishia kodi wala kukutoa ila kwa notisi iliyoandikwa kwa namna maalumu, na una haki ya kwenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kumpinga. Ndiyo maana wenye majengo wanapenda kuandika miaka mitano na miezi mitatu, au miaka sita. Wanataka kutoka nje ya ulinzi huo. Mpangaji anaona muda mrefu, anafurahi, na pamoja na furaha hiyo analipa ushuru mara mbili ya yule wa miaka mitatu, na ulinzi wa baraza ameshauacha mlangoni. Sikwambieni msichukue miaka sita. Mtu mwenye tanuri la matofali anahitaji muda mrefu. Nasema ukiuchukua, basi karatasi yako ndiyo ngao uliyobaki nayo, na lazima iwe imekamilika.

Na kukamilika kuna hatua mbili. Ya kwanza ni stempu, ya pili ni usajili. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, mkataba wa kukodi wa muda mfupi, usiozidi miaka miwili na usio na kipengele cha kuongeza muda, hauhitaji kusajiliwa. Ukivuka hapo, peleka kwa msajili wa ardhi. Naye msajili hapokei hati isiyo na stempu. Kwa hiyo aliyeruka ya kwanza hawezi kufika ya pili. Mkataba usiosajiliwa bado unawafunga ninyi wawili mlioweka sahihi. Shida inakuja akiingia mtu wa tatu, kama yule aliyenunua jengo. Yeye hakuweka sahihi, na akienda kutazama rejista haoni jina la mpangaji. Hilo ndilo lililompata mama yetu.

Tukaenda mahakamani, na pale tukakutana na kifungu cha 19 cha ile Sura ya 480. Kinasema hati inayotakiwa kulipiwa stempu, na haikulipiwa, haipokewi kuwa ushahidi, isipokuwa katika kesi za jinai na katika kesi za serikali yenyewe kudai ushuru wake. Wakili wa upande wa pili alisimama dakika ya kwanza tu akalitaja hilo. Nilimwona mama akinitazama. Alidhani ameshapoteza.

Hakuwa amepoteza. Kifungu kilekile kinaitaka mahakama, kabla haijaitupa hati, impe mwenye kuileta nafasi ya kutosha kwenda kwa mtoza ushuru wa stempu kuomba ruhusa ya kulipa nje ya muda, pamoja na adhabu yake. Tukaomba nafasi hiyo, tukapewa, tukalipa. Karatasi ikapokewa. Lakini kesi ilisimama kwa wiki kadhaa, na mama akalipa ushuru uleule mara ya pili, safari hii na adhabu juu, kwa sababu pesa alizompa ajenti hazikufika popote. Kilichobaki kilikuwa mvutano wa usajili, na huo ulimalizika kwa makubaliano: akapewa miezi minane ya kuhama na sehemu ya gharama za tanuri. Alistahili zaidi ya hapo.

Basi pesa hizi zipite mikononi mwako mwenyewe. Ushuru unalipwa kwa KRA kupitia iTax. Unahitaji PIN yako na PIN ya mwenye jengo, kwa hiyo iulize siku ya kusaini, kwa sababu baadaye mwenye jengo ataanza kuwa na shughuli nyingi. Kwenye sehemu ya kusajili malipo, aina ya ushuru unachagua `Agency Revenue`, halafu chini yake `Stamp Duty`. Mfumo unakupa hati ya malipo yenye namba inayoitwa PRN, nawe unalipa kwa namba hiyo benki au kwa simu. Ukimtuma wakili au ajenti, sawa, lakini mwambie akupe hiyo PRN kabla hujatoa hata senti. Mtu asiye na PRN hana mahali pa kulipa. Kisha hakikisha nakala yako ya mkataba imewekwa alama ya kuonyesha imelipiwa. Risiti peke yake inathibitisha kwamba pesa zimeingia. Kwa mkataba wa nani, alama ndiyo inayosema.

Upande wa mkopo nitapita kwa haraka kidogo. Ukikopa benki kwa kuweka kiwanja au nyumba rehani, ushuru unakaa kwenye hati ya rehani, na ni asilimia 0.1 ya kiasi kinachodhaminiwa. Mkopo wa shilingi 2,000,000 unatoa ushuru wa shilingi 2,000. Kwa desturi unakatwa kwako, pamoja na gharama za wakili na tathmini, kwa hiyo dai mchanganuo na uutafute mstari wa stempu. Ukikuta hapo shilingi 20,000, uliza. Na ukirudi mwaka unaofuata kuongezwa 1,000,000 juu ya hati ileile, stempu ya mwanzo haitoshi. Rehani inalipiwa tena kwa nyongeza tu, shilingi 1,000, na si kwa 3,000,000 nzima. Hapo pia nimeona watu wakitozwa upya kuanzia mwanzo.

Kabla sijaketi, kulikuwa na dada pale nyuma aliyeinua mkono. Sema, dada.

Anasema alisaini mkataba wa miaka minne mwezi wa pili, haukulipiwa, na mwenye jengo anamshauri waandike upya ukurasa wa mwisho, waweke tarehe ya juzi, ili zile siku 30 zianze upya.

Usikubali, dada. Mashahidi wako na wakili aliyeshuhudia walisaini mwezi wa pili, umekuwa ukilipa kodi kwa simu tangu mwezi wa pili, na ujumbe wa malipo uko kwenye simu ya kila mmoja wenu. Siku mtakapogombana, atakayeitoa tarehe hiyo hadharani ni yeye. Chukua mkataba ulivyo, nenda kwa mtoza ushuru wa stempu uombe kulipa nje ya muda. Kodi yako ni ngapi? Elfu ishirini na tano? Hiyo ni 300,000 kwa mwaka, na miaka minne imezidi mitatu, kwa hiyo ni asilimia 2: shilingi 6,000, kama haipandi, na adhabu juu yake. Ukitoka hapo mwende kwa msajili. Jumatatu niletee huo mkataba tuutazame pamoja, hasa ukurasa wenye kodi.