Kilomita 40 za Ijumaa

Hamjambo nyote. Leo nina kitabu kimoja tu mkononi, kile ambacho dereva hujaza kila safari. Tukisema logibuku, Mkenya hufikiria hati ya umiliki wa gari; mimi nasema kile chenye saa, alikokwenda na namba ya mita.

Nilipokuwa nasimamia magari katika kampuni moja hapa Kisumu, nilikuwa na dereva wa pikapu ya dizeli. Kila mwisho wa mwezi nilijaza tangi, nikagawanya kilomita kwa lita, nikapata kumi bila kuyumba. Kwenye fomu ya tathmini nikaandika: mwaminifu.

Nilikosea. Hesabu ile humnasa anayenyonya mafuta, maana lita huzidi na mita haisongi. (Hata hapo, kabla ya kumwita mtu mwizi, pima upepo wa tairi na utazame filta ya hewa. Gari lisilotunzwa nalo hunywa.) Lakini anayelipeleka gari kwenye shughuli zake hanaswi. Mafuta yameungua kweli, mita imesoma kweli. Uongo uko kwenye safu ya alikokwenda.

Basi nikatoa safari za njia moja, nikaziweka pamoja. Kutoka hapa hadi Kakamega, kupitia Kiboswa, Majengo na Chavakali, ni kama kilomita 50. Kwenda na kurudi, pamoja na kuzunguka mjini, kitabu chake kilisema 108, 111, 106. Za Ijumaa zikasema 146, 149, 147. Nikamfungulia kurasa, nikamuuliza, "Kijana, Ijumaa barabara hurefuka?"

Akacheka kidogo. "Bosi, nampelekea mama watoto mzigo wa soko."

Hilo tulilimaliza. Lililonishinda lilikuwa safu ya saa. Siku moja aliandika ameondoka saa mbili kamili, akafika Kakamega saa mbili na dakika 35. Huo ni wastani wa kilomita 86 kwa saa, na gari la biashara halifai kuzidi 80, sembuse kwenye vituo vyote vile vya njiani. Nikampunguzia alama za usalama. Aibu yangu ni kwamba safari hiyohiyo nilikuwa nimeshampa alama zote za kufika mapema.

Mwezi uliofuata kila safari ya Kakamega ilichukua saa moja kamili, mvua inyeshe isinyeshe. Nilikuwa nimemfundisha kudanganya.

Tangu hapo, alama za kuwahi nazitoa kwa saa ya kutoka langoni tu, na hiyo huandikwa na soja kwenye daftari lake. Saa ya kufika dereva anaandika mwenyewe, na haina alama yoyote. Wiki ya tatu kitabu chake kikaanza kusoma dakika 70, 85, 78.